Ankara ya ruzuku hujengwa kuanzia kwenye risiti

Mashirika mengi madogo ya huku kwetu, Iringa, Njombe hadi Mbeya, hupata ruzuku ambayo fedha yake haitangulii. Shirika linatumia kwanza, kisha linamdai mfadhili kila baada ya robo mwaka, naye analipa kile tu alichoridhika nacho. Ankara ya namna hiyo si sawa na ankara ya duka. Duka linadai bei liliyoipanga lenyewe. Shirika linadai gharama halisi iliyokwisha kutoka mfukoni, wala haliruhusiwi kuongeza hata shilingi.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii niliianza ankara kwenye bajeti. Niliona mafunzo yametengewa kiasi fulani kwa robo ile, nikaandika kiasi hicho hicho, halafu nikaanza kuhangaikia risiti za kukijaza. Ikarudi na maswali ukurasa mzima, na mishahara ya wenzangu ikachelewa wiki sita. Tangu hapo naanza upande wa pili: risiti kwanza, kisha orodha ya miamala, kisha jumla kwa kila kifungu, na ankara mwisho kabisa. Nitaionyesha njia hiyo kwa robo moja ya mradi wa lishe wilayani Kilolo, kuanzia Januari hadi Machi. Ofisi iko Iringa mjini, mafunzo yalifanyika Ilula. Tarakimu ni za mfano, lakini nimezipanga kama zinavyokuja kazini.

Kwanza, soma mkataba ukiwa na kalamu

Kabla ya kugusa risiti yoyote, toa kwenye mkataba wa ruzuku mambo manne na uyaandike kwenye karatasi moja utakayoibandika ukutani. La kwanza ni tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kwa sababu gharama iliyo nje ya tarehe hizo haidaiwi hata kama ni ya mradi kweli. Mafuta yaliyonunuliwa tarehe 29 Desemba kwa ajili ya safari ya Januari yanakataliwa ikiwa mkataba unaanza tarehe 1 Januari. La pili ni vifungu vya bajeti na ruhusa ya kuhamisha fedha kati yake. Mikataba mingi hukuachia uzidishe kifungu kwa asilimia fulani bila kuomba barua. Katika mfano wetu ni asilimia 10.

La tatu ni gharama zilizokatazwa. Orodha hazifanani, lakini pombe, faini, riba ya mkopo na madeni yasiyolipika utazikuta karibu kila mahali. La nne ni gharama za uendeshaji, yaani ile sehemu ya kulipia uhasibu, uongozi na mambo ya ofisi yasiyohesabika kwa mradi mmoja mmoja. Ruzuku za Umoja wa Ulaya kwa kazi za nje ya Ulaya kwa kawaida huishia asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja. Kanuni za serikali ya Marekani ziliruhusu asilimia 10 kwa shirika lisilo na kiwango chake lenyewe, kisha zikapandisha hadi 15 kuanzia Oktoba 2024. Kwa hiyo usichukue asilimia ya mradi wa jirani. Mkataba wa mfano wetu unasema 10.

Orodha ya miamala

Hapa ndipo ankara inapozaliwa. Fungua jedwali kwenye kompyuta, kila malipo mstari wake: namba ya hati ya malipo, tarehe, alama ya kifungu, aliyelipwa, kazi yenyewe, kiasi chote kilicholipwa, na kiasi kinachodaiwa kwa mfadhili huyu. Safu hizo mbili za mwisho usiziunganishe kamwe. Nusu ya matatizo ninayoitwa kuyatatua hutokana na mtu aliyekuwa na safu moja, akaandika humo mara kiasi chote, mara sehemu tu.

Namba ya hati ya malipo iandikwe pia kwa kalamu juu ya kila karatasi inayoiunga mkono. Anayekagua akisoma mstari wa HM 014 aweze kufungua faili na kukuta HM 014, bila kubahatisha. Kisha acha kompyuta ijumlishe kwa kifungu. Ikiwa alama za vifungu ziko safu C na kiasi kinachodaiwa kiko safu G, jumla ya mafunzo, tuliyoyapa alama MAF, hupatikana hivi:

```
=SUMIF(C:C,"MAF",G:G)
```

Jumla hiyo ndiyo itakayokwenda kwenye ankara. Ukijikuta unaandika kwenye ankara namba ambayo haikutoka kwenye orodha, simama, kuna kitu umekosea.

Risiti za mafunzo ya Ilula

Nitakaa hapa kwa muda, maana mafunzo ndiyo yanayotuponza zaidi. Yalikuwa ya siku mbili mwezi Februari, wahudumu wa afya ya jamii 24, wawezeshaji 2 na dereva wetu 1. Watu 27.

Vifaa vya kuandikia vilinunuliwa Iringa mjini kwa shilingi 118,000, na duka likatoa risiti ya EFD. Risiti hiyo ina mambo ya kutazama kabla hujatoka dukani: tarehe, jina na namba ya mlipakodi ya muuzaji, jina la shirika lako kama mnunuzi, na bidhaa zilizotajwa moja moja. Neno "vifaa" peke yake halitoshi. Ukirudi ofisini, ichanganue alama ya mraba iliyo chini yake, au ingiza namba ya uhakiki kwenye verify.tra.go.tz, uone kama TRA wanaitambua. Fanya hivyo siku ile ile, na utoe kivuli siku ile ile, kwa sababu karatasi ya EFD hupigwa chapa kwa joto na maandishi yake hufifia. Nimeona risiti halali zikiwa nyeupe kabisa baada ya miezi michache kwenye faili lililokaa dirishani.

Katika hiyo 118,000, shilingi 18,000 ni Kodi ya Ongezeko la Thamani. Je, inadaiwa? Shirika letu halijasajiliwa kwa kodi hiyo, hivyo haliwezi kurudishiwa, na mkataba unakubali kodi isiyorejesheka. Tunadai yote. Shirika lenye msamaha wa kodi, au linaloweza kurudishiwa, lingedai 100,000 tu.

Ukumbi ulikuwa wa halmashauri, shilingi 80,000 kwa siku, jumla 160,000. Huko hupati risiti ya EFD. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, ile ambayo wengi huiita kontrol namba, unalipa benki au kwa simu. Hifadhi ankara yenye namba hiyo pamoja na stakabadhi ya malipo, zikiwa zimebanwa pamoja. Moja bila nyingine haisemi ukumbi ulikuwa wa nini.

Chakula kililetwa na mama lishe wa pale Ilula, sahani na chai kwa shilingi 12,000 kwa mtu kwa siku. Biashara yake ni ndogo, hana mashine ya EFD. Hilo halimfanyi asilipwe, ila linatutaka tujenge ushahidi kwa njia nyingine: makubaliano mafupi ya maandishi kabla ya mafunzo, risiti yake ya kitabu yenye jina, namba ya simu na saini, na malipo kwa simu kwenda namba iliyosajiliwa kwa jina lake lile lile. Baadhi ya wafadhili hawakubali kabisa risiti isiyo ya EFD juu ya kiasi fulani. Hilo ulishaliona kwenye mkataba, basi ungetafuta mpishi mwenye mashine tangu mwanzo. Baada ya mafunzo huwezi kulirekebisha.

Tatizo la chakula lilikuwa jingine. Risiti ilisema sahani 30 kila siku, yaani 60, sawa na shilingi 720,000. Nilipompigia simu kuuliza, mama alinijibu bila kusita, "Mwanangu, sahani thelathini uliziagiza mwenyewe. Nimepika thelathini." Alikuwa na haki, na alilipwa zote. Lakini daftari la mahudhurio lina saini 27 kwa siku, na mfadhili analipia waliohudhuria. Kwa hiyo kwenye safu ya kiasi chote niliandika 720,000, na kwenye safu ya kinachodaiwa sahani 54 kwa 12,000, yaani 648,000. Shilingi 72,000 zikabaki kuwa mzigo wa shirika, zikalipwa na michango ya wanachama. Anayekagua huanza na hesabu hiyo hiyo: anagawa gharama ya chakula kwa bei ya sahani na kulinganisha na saini. Ni bora uifanye kabla yake. Na usithubutu kuongeza saini tatu kwenye daftari ili sahani ziishe. Kwa shilingi 72,000 unageuza kosa la kuagiza kuwa udanganyifu, na ruzuku nzima inaweza kusimamishwa.

Nauli za washiriki zilifika 288,000. Bodaboda hawatoi risiti, na wakati wa mvua nusu ya safari za Kilolo ni za bodaboda. Fomu ya nauli ndiyo ushahidi wako: jina, kijiji alikotoka, chombo alichopanda, kiasi, namba ya simu, saini. Aliyetoka Ilula penyewe hawezi kulipwa sawa na aliyeshuka kutoka Udekwa kwa pikipiki kwenye matope. Fomu ambayo wote 24 wamepewa kiasi kimoja huonekana mara moja kuwa ni posho iliyovikwa jina la nauli, na posho ina kifungu chake na masharti yake. Ukiwalipa kwa simu, toa taarifa ya malipo kutoka kwenye akaunti ya shirika na uiambatanishe. Kumlipa kiongozi wa kikundi mmoja fedha za wote ili akagawe ni kujitafutia maswali, maana huna saini za waliopokea.

Jumla ya mafunzo inayodaiwa: 160,000 na 648,000 na 288,000 na 118,000, sawa na 1,214,000.

Gharama zinazogawanywa

Risiti inathibitisha kwamba fedha ilitoka. Haithibitishi kwamba ilitoka kwa ajili ya mradi huu. Mtu, gari na ofisi vikitumika kwa miradi zaidi ya mmoja, unahitaji kipimo kinachosema sehemu gani ni ya nani, na kipimo hicho kitokane na kilichotokea, kisitokane na bajeti.

Chukua afisa mradi. Mshahara wake ghafi ni 900,000 kwa mwezi. Mwajiri anaongeza NSSF asilimia 10, yaani 90,000, na WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5, yaani 4,500. Gharama ya mwezi kwa shirika ni 994,500, na hiyo ndiyo inayogawanywa. Wengi hudai mshahara anaoupokea mkononi, wakaliibia shirika lao wenyewe. Wengine hudai mshahara ghafi kisha wanajumlisha tena makato ya mfanyakazi, ambayo yamo humo tayari.

Bajeti ilisema atatumia asilimia 60 ya muda wake kwenye mradi. Fomu zake za muda wa kazi zinasema Januari asilimia 60, Februari 75 kwa sababu ya mafunzo, na Machi 50. Tunadai fomu zinavyosema: 596,700, kisha 745,875, kisha 497,250. Jumla 1,839,825, ambayo inapita bajeti ya 1,790,100 kwa shilingi 49,725, chini ya asilimia 3. Iko ndani ya ruhusa yetu ya asilimia 10, tunaieleza kwa sentensi moja. Kama fomu za miezi yote mitatu zingeonyesha 60 kamili, ningekuwa na wasiwasi zaidi. Kazi ya kijijini haiendi kwa mizani ya namna hiyo, na anayekagua anajua kwamba fomu hizo zimejazwa siku moja ofisini. Fomu ijazwe kila wiki, isainiwe na mhusika na msimamizi wake.

Mafuta ya gari la shirika kwa robo nzima yalikuwa lita 252 kwa shilingi 756,000. Kitabu cha safari kinaonyesha kilomita 2,100, na kati ya hizo 840 ni za mradi wa lishe. Ni asilimia 40, tunadai 302,400. Kabla ya kuandika, gawa kilomita zote kwa lita zote: 2,100 kwa 252 ni kilomita 8 na kitu kwa lita, inayoaminika kwa gari la aina yetu kwenye barabara za milima. Ikitoka kilomita 4 kwa lita, ama kuna safari ambazo dereva hakuziandika, ama kuna mafuta ambayo hayakuingia kwenye tangi. Ni lazima ujue ni lipi kabla hujadai. Na kila risiti ya mafuta iwe na namba ya gari.

Kodi ya pango ni 300,000 kwa mwezi, 900,000 kwa robo. Hapa watu huchanganyikiwa kwa sababu mwenye nyumba alipokea 810,000 tu. Asilimia 10 iliyobaki, shilingi 90,000, ni kodi ya zuio tuliyoikata na kuipeleka TRA. Gharama ya shirika ni 900,000, na ushahidi wake ni karatasi mbili: stakabadhi ya mwenye nyumba na stakabadhi ya TRA. Ukikosa ya pili unaweza kudai 810,000 tu, na bado una deni la kodi. Ofisi ina vyumba vinne vinavyolingana, kimoja kinahifadhi vifaa vya mradi huu tu. Robo ya 900,000 ni 225,000.

Kuna mtego hapo. Ukishadai pango kama gharama ya moja kwa moja, usilihesabu tena ndani ya zile asilimia 10 za uendeshaji. Andika kwenye sera ya fedha ya shirika, hata kwa ukurasa mmoja, kwamba pango na mafuta hugawanywa kwa vipimo hivi, na kwamba asilimia ya uendeshaji inalipia mhasibu, mkurugenzi, ada za benki na ukaguzi. Kisha utumie kanuni ile ile kwa wafadhili wote. Jumla ya asilimia zote za chumba au gari moja isipite mia.

Kuandika ankara yenyewe

Kufikia hapa kazi imekwisha, kilichobaki ni kunakili. Juu weka jina, anwani na namba ya mlipakodi ya shirika, namba ya ankara, tarehe, namba ya mkataba wa ruzuku na kipindi kinachodaiwa. Kisha mchanganuo kwa majina yale yale ya vifungu yaliyo kwenye bajeti iliyoidhinishwa, bila kuyatafsiri wala kuyapendezesha:

| Kifungu | Kinachodaiwa (TSh) |
|---|---|
| Mishahara | 1,839,825 |
| Mafunzo | 1,214,000 |
| Usafiri | 302,400 |
| Pango | 225,000 |
| Jumla ya moja kwa moja | 3,581,225 |
| Uendeshaji, asilimia 10 | 358,122 |
| Jumla ya ankara | 3,939,347 |

Nusu shilingi ya uendeshaji nimeishusha. Huwezi kudai zaidi ya asilimia 10, hata kwa senti. Kwa kifungu cha uendeshaji huhitaji kuambatanisha risiti, maana ni asilimia iliyokubaliwa, ila usiipige juu ya kitu kilichokataliwa. Zile 72,000 za chakula zingebaki kwenye ankara, zingebeba na 7,200 za uendeshaji juu yake.

Kwa mfadhili anayelipa kwa fedha za kigeni, taja kiwango cha kubadilishia, tarehe yake na chanzo kilichotajwa na mkataba. Kisha malizia na namba ya akaunti, tamko kwamba gharama hizi ni halisi na hazijadaiwa kwa mfadhili mwingine, na saini ya mwenye mamlaka, ambaye asiwe mtu yule yule aliyeiandaa.

Viambatanisho vifuate mpangilio wa orodha ya miamala, HM 001 mpaka ya mwisho. Usivipange kwa ukubwa wa karatasi. Kwenye risiti iliyogawanywa, andika pembeni hesabu yenyewe: "756,000 × 840/2,100 = 302,400". Piga muhuri wenye jina la mradi juu ya nakala halisi, ili risiti hiyo isiweze kupelekwa kwa mfadhili wa pili.

Maswali yakirudi

Mfadhili akiuliza kuhusu mstari mmoja, jibu mstari huo tu, kwa karatasi, ndani ya siku zilizotajwa. Usitume ankara mpya yenye tarakimu tofauti kimya kimya. Kama kweli umekosea, toa ankara ya marekebisho inayotaja namba ya ile ya kwanza na tofauti yake. Akikataa kiasi fulani, kiandike siku hiyo hiyo kwenye orodha yako kwamba kimekataliwa na sababu yake, na ukitoe kwenye hesabu za mradi. Kiasi kilichoachwa kikielea hurudi mwisho wa mwaka, wakati wa ukaguzi, kikiwa hakuna anayekumbuka kilikuwa cha nini.

Faili zima, pamoja na vivuli vya risiti za EFD, likae kabatini kwa muda uliotajwa kwenye mkataba au miaka 5 inayotakiwa na sheria ya kodi, wowote ulio mrefu. Huku kwetu kwenye ukungu na mvua, kabati hilo lisigusane na ukuta wa nje.